Jibu nililompa Afande aliyetaka nipunguze milioni tatu

Noah yangu tulikuwa tumeshapatana shilingi milioni 23, ila fundi wake aikague kwanza. Mnunuzi ni afande mstaafu anayeishi Gulu. Jioni baada ya ukaguzi akaniandikia: matairi yamekwisha, bodi ina mikwaruzo, shokapu za mbele zinavuja, tapeti kava inatoa oili, AC haipoi. "Toa milioni tatu, nije na pesa."

Usiku ule sikujibu kitu. Kesho yake nikapita soko la Kisekka, Kampala, kuuliza bei za vipuri, kwa sababu milioni tatu ilikuwa namba ya mdomoni tu, haikuwa na hesabu nyuma yake.

Matairi na mikwaruzo aliviona mwenyewe siku ya kwanza, na ndivyo vilivyotushusha kutoka milioni 24. Hivyo nilikuwa nimeshavilipia. Shokapu na oili hakuvijua, kwa hiyo hayo ni juu yangu. AC ndiyo iliyonisumbua, maana gesi ikipungua gharama ni ndogo, kompresa ikifa ni balaa. Fundi wangu akawasha: klachi ya kompresa ikanasa, ubaridi ukaja kidogo. Kompresa nzima, gesi pungufu. Lakini gesi haipungui bila kuvuja mahali, basi nikahesabu na kazi ya kutafuta tundu.

Nikamwandikia hivi:

"Habari za asubuhi, Afande. Fundi wako amesema kweli kuhusu shokapu, oili na AC. Nimeuliza Kisekka: shokapu mbili za mtumba 360,000, gasketi ya tapeti kava 60,000, ufundi wake 130,000, AC kuzibwa na kujazwa gesi 200,000. Jumla 750,000, naitoa yote. Matairi na mikwaruzo tulishavizungumza tulipotoka 24. Bei yangu ni 22,250,000, na gari unalichukua kama lilivyo, bila ukaguzi wa pili. Nakushikia hadi Ijumaa jioni, kuna mwingine anasubiri."

Huyo mwingine alikuwepo kweli. Kama hayupo usimtaje, maana mnunuzi akikaa kimya hadi Jumamosi utabaki unamtafuta wewe.

Sikujitolea kutengeneza mwenyewe. Ningefunga shokapu za mtumba, fundi wake angezikataa, tukaanza upya. Pesa ikitolewa kwenye bei, kila mtu anabaki na fundi wake.

Afande hakuandika, alipiga. "Kijana, weka 22 kamili." Nikamwambia, mzee wangu, nionyeshe kwenye orodha ni kitu gani nimekihesabu kidogo, nami nitakiongeza. Akataja AC: huenda bomba lenyewe limeoza. Hilo lilikuwa na maana, nikaongeza 100,000.

Tulimalizana kwa 22,150,000. Kwenye makubaliano ya mauzo, mbele ya mashahidi, tuliandika shokapu, oili na AC kwa majina, kwamba anazijua na zimeshatolewa kwenye bei.