Usiku maji ya chupa yaliponyamaza

Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya upasuaji ya wanaume, wauguzi wawili kwa vitanda zaidi ya thelathini. Kitanda cha dirishani alilala kijana wa bodaboda, miaka 24, aliyegongwa siku tatu kabla. Mbavu mbili za kushoto zilivunjika, hewa na damu vikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, akawekewa mrija ubavuni na chupa ya maji chini ya kitanda.

Kwa asiyeifahamu, chupa hiyo ina bomba refu lililozama sentimita mbili hivi ndani ya maji yaliyotakaswa. Hewa ya kifuani inatoka kupitia majini na kuonekana kama mapovu, lakini haiwezi kurudi, maana maji yameziba njia. Ndiyo sababu chupa lazima isimame wima na ikae chini ya usawa wa kifua muda wote. Jioni ile ile nilimkuta mama wa mgonjwa ameipakata ili mhudumu apate kupiga deki. Nikamwambia, "Mama, ishushe taratibu, ukiipandisha juu hayo maji yatamrudia mwanao kifuani." Alishtuka sana, masikini, na tangu hapo akawa mlinzi wa chupa.

Nilipopokea zamu kila kitu kilikuwa sawa. Kijana akivuta pumzi, maji yalipanda ndani ya bomba, akitoa, yalishuka. Akikohoa, mapovu machache yalitoka. Oksijeni yake ilikuwa asilimia 96, anapumua mara 20 kwa dakika. Niliandika kiasi cha uchafu kilichoingia chupani, nikaweka alama ya kalamu kwenye plasta ya chupa pamoja na saa. Nilisoma pia namba iliyochapwa kwenye mrija pale unapoingia kwenye ngozi, inayoonyesha mrija umezama ndani kiasi gani: 12. Hiyo namba wengi hatuiandiki, na mimi mwenyewe niliiandika kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa nabadilisha bandeji.

Saa nane usiku nilipita tena. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Hakuna kupanda, hakuna kushuka, hakuna povu.

Mwenzangu alitazama kutoka mlangoni akasema, "Hilo pafu limeshafunguka, asubuhi watamtoa mrija." Hakuwa amesema upuuzi. Pafu likifunguka lote na kujaza nafasi yake, maji huacha kucheza. Lakini hutulia polepole, siku hadi siku, na mgonjwa anakuwa na nafuu. Huyu wangu alikuwa amekaa kitako, jasho usoni, anapumua mara 30 na oksijeni imeshuka hadi 90. Chupa ilisema amepona, mgonjwa akasema la. Nikamwamini mgonjwa.

Kwanza nilifuata mrija kwa mkono kutoka chupani hadi ubavuni. Hakuulalia, haukujikunja, hakukuwa na donge la damu lililoziba. Maungio yote yalikaza. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kohoa kidogo." Maji yalitikisika kidogo tu, lakini nikasikia "fss" chini ya bandeji. Nikabonyeza ngozi pembeni ya kidonda, ikalia kama mfuko wa nailoni: hewa imeingia chini ya ngozi.

Nikafungua bandeji. Namba kwenye ngozi ilikuwa 7. Uzi ulioshikilia mrija ulikuwa umelegea, na tundu la mwisho la pembeni mwa mrija lilikuwa nje, linanitazama. Kwa hiyo akivuta pumzi, hewa ya wodini iliingia kifuani kupitia tundu hilo badala ya maji kupandishwa bombani. Akitoa pumzi, hewa ilipita hapo hapo, maana ni njia rahisi kuliko kusukuma maji. Chupa yetu haikuwa imeunganishwa na mashine ya kuvuta. Ingeunganishwa, tundu kama hilo lingeleta mapovu yasiyokatika, na ningelishtukia mapema. Bila mashine, uvujaji unaweza kuleta ukimya.

Mkono uliniwasha kuusukuma mrija urudi ndani. Sikufanya hivyo. Sehemu iliyokwisha kutoka nje si safi tena, ukiirudisha unapeleka vijidudu ndani kabisa ya kifua. Sikuubana kwa vibanio pia, ingawa vilining'inia kichwani mwa kitanda. Mgonjwa ambaye pafu lake bado linavuja, ukimbania mrija, hewa hukusanyika ndani, hulibana pafu na baadaye moyo, na anaweza kukuondokea kwa dakika chache. Nililizungushia tundu gauzi yenye vaselini, nikamwekea oksijeni, nikamtuma mwenzangu amwite daktari wa zamu. Akajibiwa daktari yuko chumba cha upasuaji, atakuja akimaliza.

Hapo kijana akapatwa na kikohozi kikali. Mrija wote ukatoka, ukaanguka shukani.

Glavu nilikuwa nazo. Nikaziba tundu la ubavuni kwa kiganja pale pale, kwanza mkono, vifaa baadaye. Nikamwambia, "Toa pumzi yote, polepole," na alipotoa, mwenzangu akanipa gauzi ya vaselini iliyokunjwa, nikaiweka mahali pa kiganja. Tukaibandika plasta pande tatu, upande wa chini tukauacha wazi. Ukiziba pande zote nne kwa mgonjwa ambaye pafu linavuja, hewa inakosa pa kutokea. Ukiacha upande mmoja, akivuta pumzi gauzi inanyonywa na kuziba, akitoa pumzi hewa inapenya pembeni. Si kinga kamili. Damu ikigandia pale, inaziba kama plasta ya pande nne.

Tukamwegemeza kitako, nikabaki hapo hapo. Kila dakika tano nilipima pumzi, mapigo, presha na oksijeni, nikaangalia kama koromeo limesogea upande mmoja na kama mishipa ya shingo imevimba. Dakika ya kumi na tano mapigo yalipanda kutoka 110 hadi 128, oksijeni ikafika 87. Niliinua ukingo wa gauzi, hewa ikatoka kwa mlio, na baada ya dakika mbili oksijeni ilirudi 91. Dakika hizo zilikuwa ndefu jamani. Mama alikuwa ameshika ukuta, ananiuliza, "Sista, anakufa?" Nikamjibu, "Mama, mshike mkono, mwambie apumue taratibu."

Daktari alifika akiwa bado na kofia ya upasuaji. Aliweka mrija mpya kwa kupitia tundu jingine, si lile la zamani, akaushona kwa nyuzi mbili. Mimi niliandaa chupa mpya, bomba sentimita mbili majini. Ulipounganishwa tu, mapovu yalitoka kwa kishindo, kisha yakapungua, na maji yakaanza kucheza upana wa vidole vinne. Eksirei ya asubuhi ilionyesha mrija uko mahali pake. Namba kwenye ngozi ilikuwa 13. Niliiandika kwenye faili, na kwenye plasta kwa kalamu nene. Mrija wenyewe tuliubandika pia chini zaidi ubavuni, ili ukivutwa, plasta iumie kabla ya uzi.

Nilirudi zamu baada ya mapumziko ya siku mbili. Kabla sijafungua faili, mama alinipa ripoti yake akiwa amekaa kwenye kigoda kando ya chupa: "Juzi yalipanda vidole vitatu, jana viwili, leo kimoja tu. Mapovu hakuna hata akikohoa. Na amekula ugali wote."