Kati ya Yeremia 18 na Yeremia 19

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili tusome Yeremia 18 na 19 kwa mkao mmoja. Tumezoea kuhubiri sura ya kwanza na kuiruka ya pili. Katika 18 chombo kinaharibika mkononi na mfinyanzi anakifinyanga upya. Katika 19 nabii anavunja gudulia mbele ya wazee, na anaambiwa aseme kwamba halitengenezeki tena. Udongo ni uleule. Kilichopita katikati ni moto, na nina hadithi ya usiku mmoja wa moto.

Mzee mmoja huchoma kauri karibu na Mukono. Udongo wake mweupe hutoka Mutaka, kusini-magharibi, na mchanga hutoka ufuoni Lido, Entebbe. Ijumaa moja alipanga vikombe 120 ndani ya tanuru, vikiwa vibichi, tayari vimepakwa gilezi, ule uji wa unga wa mawe unaogeuka kioo. Wengine huchoma mara mbili. Yeye kuni za mara mbili hana.

Saa sita mchana wakawasha moto mdogo. Msaidizi wake ni mpwa wake kutoka Busia (Luganda bado kinamshinda, kwa hiyo pale tanuruni ni Kiswahili tu). Wingu lilipotanda upande wa ziwa, mzee akiwa bado anafunika kuni, kijana aliongeza vipande vitatu vinene vya mkaratusi ili mambo yaende haraka. Mzee hakuona.

Kufikia saa moja jioni ndani kulikuwa kumeanza kuiva wekundu hafifu, karibu nyuzi 600.

"Hapa ndipo pasipo na kurudi," mzee akasema. "Mchana ule, kikombe kikipasuka ungekitupa kwenye ndoo ya maji, kesho kikawa tope tena. Sasa yale maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe yametoka. Ukikiloweka hata mwaka mzima, hakilainiki."

Saa nane usiku moto ukagoma. Kwenye tundu la kuchungulia zilisimama koni tatu za udongo, ambazo huinama moja baada ya nyingine kadiri joto linavyopanda. Ya kwanza ililala, ya pili ikainama kidogo, ikabaki hivyo saa nzima. Kijana akakimbilia kuni.

"Acha! Utalizima kwa kulishibisha."

Mzee akachukua chuma kirefu, akavuta makaa yaliyoziba wavu chini ya kuni, hewa ikapita. Wakalisha vijiti vyembamba, kimoja kimoja. Saa kumi alfajiri koni ya tatu ilikunja shingo, kama nyuzi 1,280. Ingelala kabisa, vikombe navyo vingeanza kulegea na kupinda. Wakaziba kila tundu kwa matope.

Zaburi 130 inasema nafsi inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Lakini mlinzi asubuhi ikifika huenda nyumbani. Mchomaji kauri asubuhi yake ikifika ndipo anaanza kungoja kweli, maana hakuna tena cha kufanya kwa mikono.

Jumamosi jioni mzee alichomoa tofali moja, achungulie tu. Ndani bado palikuwa na wekundu wa mwisho. Akasikia *ting*, kisha *ting* nyingine. Akalirudisha tofali haraka. Jumapili alikaa ibadani, na sidhani alisikia neno la mahubiri.

Jumatatu walifungua. Mzee alishika kila kikombe kwenye kitako, akakigonga kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele ndogo; chenye ufa hujibu kama kibuyu. Vizima vilikuwa 103. Kumi na vinne vilikuwa na nyufa zenye kingo laini, gilezi imetiririka na kuingia ndani yake.

"Hizi zilipasuka kabla gilezi haijayeyuka," akasema. "Moto ulipanda mbio mchana."

Kijana akainamisha kichwa. "Ni mimi, mjomba. Niliongeza kuni."

Mzee hakumjibu. Alikuwa ameshika vile vitatu vya mwisho, vilivyokaa mkabala na lile tofali. Nyufa zake zilikuwa kali kama wembe, zikamkata kidole. Ufa wa namna hiyo huja kauri inapopoa, baada ya gilezi kuwa kioo, ikipigwa na hewa baridi.

"Na hivi vitatu," akasema akifyonza damu, "ni vyangu."

Akavitia vyote kumi na saba kwenye gunia. Vitatwangwa, na chenga zake zitachanganywa na udongo wa kufyatulia matofali ya tanuru. Kijana alitazama mlango wa moto. Katika kila tofali pale palikuwa na chembe nyeupe.