Hofu ya chini ya bahari

Napenda ule wasiwasi wa kutembea gizani kwenye gemu, lakini nikifukuzwa tu, mikono hutetemeka nikazima kompyuta. Gemu tatu nimeziacha njiani hivyo. Juzi binamu yangu wa Langoni akaniambia, "Dadangu, jaribu gemu ya SOMA, lakini ukianza chagua Safe Mode."

SOMA ilitoka 2015. Uko ndani ya PATHOS-II, kituo kilichojengwa chini ya bahari, nawe unatafuta kujua kumetokea nini. Safe Mode iliongezwa 2017. Haiondoi viumbe, wamo vilevile, wanazunguka na kukusogelea, ila hawakuui. Hilo ndilo lililonifaa, maana kilichokuwa kikinishinda ni kufa na kurudia pale pale mara tano, si giza lenyewe.

Usiku ule upepo wa kusi ulikuwa ukigonga madirisha. Nikiwa Upsilon, sehemu mojawapo ya kituo hicho, nikasikia chuma kikilalama nyuma ya ukuta, kisha picha kwenye skrini ikaanza kukatikakatika: ndiyo dalili kwamba kiumbe yuko karibu. Nikajibanza kwenye kona. Akapita. Moyo ulidunda kweli, lakini sikuzima.

Sauti ndiyo inayotisha zaidi, kwa hiyo saa ya kwanza nilitumia spika badala ya hedifoni. Na mjue, Safe Mode haipunguzi uzito wa hadithi. Kuna mashine inayoamini kwamba ni binadamu, na ukitaka umeme lazima uchague cha kuifanyia. Pale nilikaa kimya muda mrefu.