Ninavyoeleza mtandio wa jezi kwa mteja asiyeweza kuushika

Nauza mitandio kwa simu, na wa jezi, kitambaa laini cha kufumwa, ndio ulionipa kazi zaidi kuueleza, kwa sababu unavutika. Shifoni ukiipima sentimita 180, ni 180. Jezi ukiinyanyua kwa ncha moja, uzito wake wenyewe unairefusha. Tena jezi ya nyuzi za viskosi hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kila aina nafua mmoja kwanza, nautandaza mezani bila kuuvuta, ndipo napima.

Chukua huu wa karibuni, viskosi asilimia 95 na spandeksi, nyuzi za kuvutika, asilimia 5. Ukiwa mpya ulikuwa sentimita 180 kwa 80. Baada ya kukauka ukawa 174 kwa 78. Niliandika vipimo vyote viwili, maana mwenye kutaka kufunika kifua vizuri atauona huo upungufu.

Kisha nikachomeka pini mbili, sentimita 10 kati yake, nikavuta kwa upana taratibu mpaka kitambaa kikakaza. Ikafika 15. Nilipoachia ikarudi 10. Kurudi huku nakujali kuliko kuvutika kwenyewe: ingebaki 11 au 12, mtandio ungelegea kidevuni kabla ya jioni.

Namna unavyolala mwilini haipatikani kwa rula, lazima niuvae. Huu ulishika kichwa bila kofia ya ndani, pini moja chini ya kidevu ikatosha, na ncha zikaanguka kifuani bila kutuna. Mikunjo yake ni laini na mizito. Anayependa mikunjo iliyosimama namwambia wazi kwamba jezi haitampa hiyo. Naeleza pia kwamba ukingo usiopindwa hujikunja, asije akadhani ni kasoro.

Kwenye rangi, kila moja naiweka juu ya karatasi yenye maandishi. Nyeusi na damu ya mzee hazikuonyesha kitu. Ya maziwa ilionyesha herufi, basi nikaandika kwamba hiyo inataka kukunjwa mara mbili. Picha napiga nje kivulini, karatasi nyeupe ikiwa pembeni. Karatasi ikitokea ya njano au ya samawati pichani, basi na rangi ya mtandio imegeuka, napiga upya.

Maelezo ya kufua nayaandika pamoja na sababu zake, mtu hushika zaidi akijua kwa nini. Maji baridi, kwa mkono, bila kukamua kwa kusokota, kwani viskosi ikilowa hupungua nguvu. Usianike kwenye kamba: jezi iliyolowa imebeba maji mengi na itavutika kuelekea chini. Itandaze juu ya taulo. Damu ya mzee niliisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikapata wekundu kidogo, kwa hiyo kwenye maelezo ya rangi hiyo nimeongeza: ifuliwe peke yake.