Nilivyotoa vyuma vya meno kwenye picha, meno yakabaki ya mwenyewe

Picha niliipiga mwenyewe Forodhani, jua likielekea kuzama, binti kaielekea bahari na mwanga unampiga shavu la kulia. Ana miaka 15, meno yana vyuma na vimpira vya bluu. Mama yake aliitaka kwa fremu ya ukutani, ila bila vyuma. Binti akanivuta pembeni: "Kaka, toa chuma tu. Usininyooshe meno."

Mara ya kwanza niliharibu. Kwenye Photoshop nilichukua Healing Brush nikapaka juu ya vyuma, dakika 20 nikamaliza. Mama alipoiona dukani akacheka: "Mwanangu, mbona umemvisha meno ya bandia?" Kweli, meno yalikuwa ubao mmoja mweupe. Brashi ile huchanganya rangi ya unapopaka na rangi ya jirani, kwa hiyo karibu na ufizi ilivuta wekundu, karibu na mdomo ikavuta giza, na vile vistari vyembamba vya kivuli vinavyotenga jino na jino vikafutika. Bila vistari vile hakuna umbo la jino.

Nikaanza upya. Nilifungua leya tupu juu ya picha, nikachukua Clone Stamp, inayonakili sehemu moja ya picha na kuipaka kwingine, na pale kwenye Sample nikachagua Current & Below, ili picha ya asili isiguswe. Nilianza na waya unaopita kati ya meno, wala si vipande vya chuma, maana ndipo mipaka ilipo. Kila kistari cha kivuli nilikichukua kutoka juu au chini ya waya palipobaki kizima, nikakiunganisha kwa brashi ndogo yenye ukingo mgumu kidogo.

Kisha jino moja moja. Nililizungushia Pen Tool, nikabonyeza Ctrl+Enter mzunguko ukawa uteuzi, nikaulainisha kwa pikseli 1. Sasa hata mkono ukiteleza, rangi haivuki kwenda jino la pili.

Ndani ya jino ndimo nilimokosea mwanzo bila kujua. Jino halina rangi moja. Karibu na ufizi lina umanjano, katikati linang'aa, na kwenye ncha huwa kama linapitisha mwanga, lina ukijivu kidogo. Chuma kimekaa katikati, kwa hiyo nusu ya juu ya pengo niliijaza kwa enameli ya juu, nusu ya chini kwa enameli ya chini, Opacity asilimia 30, tabaka juu ya tabaka mpaka zikakutana. Mng'ao wa jua ulikuwa umeishia kwenye chuma, kwa hiyo niliurudisha kwa brashi laini, mstari wa wima upande wa kulia kwake, kule jua linakotoka. Vimpira navyo vilikuwa vimeacha ubluu kwenye enameli. Niliuondoa kwa leya ya hali ya Color, nikipaka rangi niliyoichukua kwenye jino lenyewe karibu na ufizi. Sikuyafanya meupe. Kwa jua lile la magharibi, jino jeupe pe lingeonekana limebandikwa.

Chonge la kushoto lilinitesa. Limegeukia pembeni, chuma kimelimeza karibu lote, hapakuwa na enameli ya kuchukua. Nikanakili chonge la kulia kwa Ctrl+J, nikaligeuza kwa Flip Horizontal. Umbo likakaa sawa, lakini mng'ao nao ukageuka, ukawa upande usio na jua. Ilibidi niufute na kuuchora upya, na jino zima nilitie giza kidogo kwa kuwa liko kivulini.

Mama alikuwa na picha ya simu ya kabla ya vyuma. Ilinisaidia kuona ncha za meno zilivyo, moja imemeguka kidogo. Kuyahamisha meno yale nilikataa, kwani vyuma vimeshayasogeza, yangekaa pasipo pao. Jino la pembeni lililompanda mwenziwe nililiacha lilivyo. Mdomo wa juu ulikuwa umeinuliwa kidogo na vyuma, nao sikuugusa, maana ukiushusha sura inabadilika.

Mwisho niliigeuza picha nzima kushoto kulia, nikaitazama kwa asilimia 100, kisha kwa nyeusi na nyeupe. Doa moja la kijivu lililobaki kwenye jino la mbele likajitokeza hapo hapo. Kazi yote saa moja na nusu, kwa meno manane ya juu.

Mama aliiangalia kimya, akauliza bei ya fremu. Binti alikiweka kidole kwenye lile jino lililopanda, akatabasamu kwa kufunga mdomo. Chonge la kushoto bado naliona lina ukungu kidogo, lakini sikulitaja.