Asubuhi komorebi ilipogeuka pete

Tarehe 21 Mei 2012 iliangukia Jumatatu. Saa 1 na dakika 25 asubuhi nilikuwa nimechuchumaa chini ya mti wa keyaki katika bustani ya Yoyogi, Tokyo, na karatasi nyeupe mapajani, nikilipa jua mgongo. Watu wengi pale walikuwa wamevaa miwani maalumu na kuinua nyuso juu. Jua lilikuwa linapatwa kipete, yaani mwezi ungepita katikati ya jua bila kulifunika lote, na Wajapani hulitaja tukio hilo kwa jina lenye maana ya pete ya dhahabu. Mimi nilitazama chini kwa sababu ya neno moja tulilofundishwa katika darasa la Kijapani wiki iliyotangulia.

Neno lenyewe ni komorebi. Ni mwanga wa jua unaopita katikati ya majani ya miti na kuonekana chini yake, ama kama mishale hewani ukiwapo ukungu, ama kama madoa ardhini. Mwalimu wetu, mama wa makamo tuliyemwita Sensei kama desturi ya kule, hakutupa maana kwanza. Aliandika ubaoni maneno matatu tuliyokwisha kuyajua: ki, yaani mti; moreru, yaani kuvuja; na hi, yaani jua. Kisha akatuambia tuyaunganishe wenyewe. Nikaandika kimorehi. Nilikosea mahali pawili, na makosa yale mawili ndiyo yaliyonifungulia neno.

Kosa la kwanza ni ki. Maneno kadhaa ya kale ya Kijapani hubadili irabu ya mwisho yanapotangulia neno jingine. Ki huwa ko: kivuli cha mti ni kokage, kundi la miti iliyosimama pamoja ni kodachi. Mvua, ambayo ni ame, huwa ama. Kosa la pili ni hi. Neno likikaa nyuma ya jingine, sauti yake ya kwanza mara nyingi huwa nzito, na h hugeuka b kwa kuwa zamani h hiyo ilikuwa p. Jua la magharibi, lile la alasiri linalochoma dirishani, ni nishibi. Lakini jua la asubuhi ni asahi, si asabi. Kanuni haishiki kila mahali, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kulisikia kila neno kwa watu kabla ya kulitamka. Kwa Mswahili jambo hili si geni sana. Nasi tunasema ukuta mrefu lakini nyumba ndefu, na hatumwelezi mtoto r ilikwenda wapi.

Sehemu iliyonishika zaidi ilikuwa ile ya katikati. Nilidhani neno linalosifiwa hivi lingejengwa kwa kitenzi cha kishairi, kama kumetameta au kucheza. Kumbe ni kuvuja, na ni kuvuja kulekule kwa bomba. Maji yakivuja ni mizumore. Gesi ikivuja ni gasumore. Paa likivuja mvua ni amamori. Mwenye nyumba hutumia kitenzi hicho anapomwita fundi, na ndicho kilichomo ndani ya komorebi. Majani ni paa, paa lina matundu, jua linavuja. Ndiyo maana nadhani tafsiri ya "mwanga uliochujwa na majani" inakwenda kando kidogo. Kuchuja ni kazi ya kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki. Neno la Kijapani halisemi kwamba kuna kilichosafishwa. Linasema kuna kilichoponyoka.

Na kwa kuwa nilikwisha kuliona kama paa bovu, nilitaka kujua matundu yake yana umbo gani. Hapo ndipo karatasi ilipoingia.

Siku ya kawaida, madoa ya jua chini ya mti mrefu mara nyingi huwa ya mviringo, japo mianya kati ya majani ina pembe za kila namna. Kila doa ni picha ya jua lenyewe. Mwanya mdogo ulioko mbali na ardhi hufanya kazi kama tundu la sindano katika kisanduku cheusi, ule mchezo wa darasa la sayansi. Ukubwa wa picha hautegemei tundu, unategemea umbali: gawa umbali kutoka tunduni hadi ardhini kwa 108 hivi, utapata kipenyo cha doa. Tawi nililokuwa chini yake lilikuwa na kimo cha kama mita 6. Asubuhi ile jua lilikuwa limepanda nyuzi 35 hivi, kwa hiyo mwanga ulisafiri kwa mshazari, karibu mita 10 na nusu. Doa likatoka na kipenyo cha takriban sentimita 10. Ardhini lilikuwa limevutika kama yai, urefu wa sentimita 17 hivi, kwa sababu ya ule mshazari. Nilipoinua karatasi na kuielekeza jua, likawa duara kamili.

Tangu saa 12 na dakika 19, mwezi ulipoanza kulimega jua, madoa yote yalikuwa yamemegeka. Kufikia saa 1 na robo yalikuwa hilali, mamia ya hilali zilizolala upande mmoja kwenye majani makavu, viatu na magari ya watoto. Zilikuwa zimepinduliwa. Upande uliomegwa angani ulionekana upande wa pili ardhini, kwa kuwa mwanga wa juu ya jua hupita tunduni ukashuka chini, na wa chini ukapanda juu.

Saa 1 na dakika 32 hilali zilifunga. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami na kijukuu chake alivua miwani, akatazama miguuni, akasema polepole, "Komorebi ga wa ni natte iru." Komorebi imekuwa pete. Alilitamka neno kama mtu anayesema mlango umefunguka, bila kulipamba, na mtoto hakuuliza maana yake.

Lakini pete zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Madoa mengi yalibaki na ukungu katikati, mengine yalikuwa meupe tu kama siku zote. Jioni nilipiga hesabu, nikaielewa sababu. Kipenyo cha mwezi siku ile kilikuwa kama asilimia 94 ya kipenyo cha jua, kwa hiyo ukingo uliobaki ulikuwa kama asilimia 3 kila upande. Kwenye doa la sentimita 10, ukingo huo una unene wa milimita 3. Tundu likizidi milimita 3, mwanga wa ukingo mmoja humwagikia katikati na pete hujaa. Mianya ya kawaida kati ya majani ni mipana kuliko hapo. Pete safi zilitoka mahali majani mawili yalipokaribia kugusana, au pale mdudu alipotoboa jani. Hilali nene za mwanzo hazikuhitaji tundu dogo hivyo, ndiyo maana zilijaa bustani nzima.

Nilijaribu kuifuata pete moja kwa penseli, ikanitoroka. Jua huhama upana wake lenyewe kwa dakika 2 na ushee, na picha yake huhama vivyo hivyo. Nilipomaliza nusu ya duara, nusu ya pili ilikuwa imesogea sentimita kadhaa, na upepo mdogo ukaizima kabisa. Pete zilidumu dakika 5 tu. Wenzetu waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete juu ya Tanzania, wanaweza kukumbuka kama walitazama chini ya miti yao.

Mchana tulirudi darasani. Mwenzangu mmoja, kijana wa Lamu, aliniuliza kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, mbona sisi hatuna neno hili? Miembe tunayo, jua tunalo la kutosha." Nikamtafsiria Sensei swali. Wengi hulijibu kwa kusema Wajapani wana macho mepesi kwa uzuri wa maumbile. Sensei hakusema hivyo. Alimuuliza mwenzangu baba yake anafanya kazi gani. Mvuvi. Akamuuliza tena: maji ya bahari yanapojaa sana na kupwa sana, mnasemaje? Bamvua. Na yanapokuwa hayana nguvu? Maji mafu. Sensei akaandika ya kwao: ōshio, maji makubwa, na koshio, maji madogo. Akasema kwa Kijapani ni maneno mawili yaliyogandishwa, wakati bamvua lenu limesimama peke yake na halijifungui. Tukakubaliana kwamba neno la namna hiyo halipatikani bila watu wengi kulihitaji kila mwezi, kizazi hadi kizazi.

Hitaji ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mtambo wa lugha, na hapo ninaamini ndipo tofauti ilipo. Kijapani hugandisha jina, kitenzi na jina kwa urahisi sana, na kinachotoka kinaweza kuwa mandhari. Kiswedi nacho hugandisha: mwezi na barabara vimetoa mångata, njia ya mwanga wa mwezi juu ya maji. Kiswahili kinagandisha pia, ila mtambo wetu wa kitenzi na jina umeelekea upande mwingine. Hutoa kifaa, mtendaji au kitu chenye kazi: kipimajoto, kinasasauti, mpitanjia, kifunguakinywa. Nikisema kivujajua, msikilizaji atadhani ni chombo. Mandhari tunaieleza kwa kirai, jua la chini ya mwembe, au kwa neno zima kama mbalamwezi, ambalo limembeba mwezi ndani yake na hakuna anayelishangaa.

Kuna na suala la mahali pa kulitunza neno. Washairi wa haiku, mashairi mafupi ya Kijapani, wana vitabu vinavyopanga maneno ya majira, na baadhi ya maneno hayo yametoka nje ya ushairi. Kogarashi ni upepo wa mwanzo wa baridi unaopukutisha miti. Idara ya hali ya hewa ya Japani hutangaza kogarashi ya kwanza ya mwaka kwa Tokyo, na moja ya masharti ni upepo wa kaskazini au kaskazini-magharibi wenye kasi ya mita 8 kwa sekunde au zaidi. Neno lenye kazi kwenye taarifa ya habari halisahauliki upesi.

Kabla ya kengele Sensei alitutaka tuandike sentensi moja kuhusu asubuhi ile. Nikaandika kwamba komorebi ilikuwa inaangaza, nikitumia kitenzi cha taa. Akakifuta, akaweka sasu, kuchomea ndani, ambacho ndicho watu husema: komorebi ga sasu. Halafu akarudi kwenye neno lenyewe. Safari hii ko nilikuwa nimeipata, lakini nilikuwa nimeandika hi. Akachukua kalamu yangu na kuweka vistari viwili vidogo juu ya herufi, ikawa bi.