Tulivyogawana gharama za wazazi tukiwa ndugu wanne miji tofauti, na kazi ya dada ikaingia kwenye hesabu

Tuko wanne, kila mtu mji wake, isipokuwa dada mkubwa ambaye anakaa mji mmoja na wazazi na ndiye anayeingia pale nyumbani kila siku. Wazazi wote wapo, mzee bado anajimudu ila mama ana presha na sukari na miguu imechoka. Nataka nielezee jinsi tulivyofika kwenye mgawanyo ambao kila mmoja anaukubali, manake najua wengi wako pale ambapo kila mwezi ni kusukumana kwenye grupu la wasapu, nani katuma nani hajatuma. Sitataja hela halisi, nitaziita mafungu ili yeyote aweke hela zake mwenyewe.

Kabla ya kusema nani atoe nini tulitaka kujua wazazi wanatumia kiasi gani hasa, maana kila mtu alikuwa na namba yake kichwani. Dada akaweka risiti zote kwenye bahasha, na visivyo na risiti anaandika kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa miezi mitatu. Tulipozipanga tukaona kuna vitu vya kila mwezi, yaani chakula, dawa, maji na umeme, hivyo vilikuwa mafungu 80. Halafu kuna vitu vinavyokuja mara mojamoja kama vipimo, miwani, kurekebisha choo kiwe na kishikio cha mama, godoro, na hivi ndivyo vinavyogombanisha watu kwa sababu kila kikija kinaonekana ni dharura na anayepigiwa simu wa kwanza ndiye anayelipa. Tukavijumlisha kwa mwaka mzima vikafika kama 240, tukagawa kwa 12, tukapata 20 kwa mwezi. Tukaongeza 15 za akiba ya dharura ya kweli, kuanguka au kulazwa. Jumla 115. Wazazi wana kipato chao kidogo, mzee mwenyewe akasema 15 zitoke kwao, na kinachozidi hapo ni hela yao ya mkononi hatuulizi wanaifanyia nini. Zikabaki 100.

Sasa 100 kwa watu wanne. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa wa kwanza kusema tugawane sawa, 25 kila mtu, mi nikakataa japo kwangu ndo ingekuwa nafuu, kwa sababu 25 kwangu ni hela naitoa bila kugusa kitu na kwake ni kodi ya nyumba. Tukasema pia tusitumie mshahara, maana kaka ana watoto shuleni na mkopo, mshahara wake ukiutazama hivihivi unadanganya. Tukatumia kinachobaki, yaani kipato toa kodi, ada, mkopo, nauli ya kazini na chakula cha nyumba yako. Basi, hivyo tu. Hakuna aliyeombwa alete karatasi za mshahara, kila mtu alisema namba yake na tukaiamini. Kwangu ilibaki 200, kaka 120, dada 100, mdogo 80. Jumla ni 500, na tunatafuta 100, kwa hiyo kila mtu atoe asilimia 20 ya kinachombakia: mi 40, kaka 24, dada 20, mdogo 16. Kaka anafanya biashara na kipato chake kinapanda na kushuka, kwa hiyo hiyo 120 ni ya miezi yake dhaifu, akipata mwezi mzuri anaongeza kwenye akiba ya dharura kwa hiari yake.

Tungeishia hapo tungekuwa tumemwonea dada. Yeye ndiye anayemuogesha mama, anapanga dawa za wiki, anaamka usiku presha ikipanda, anakaa foleni kliniki kutwa nzima na siku hiyo hafanyi kazi yake. Familia nyingi hapa zinasema "basi yeye asitoe hela" na wanaona wamemaliza. Shida ni kwamba hilo halipimi chochote, kazi ikiwa ndogo amependelewa na ikiwa kubwa amenyonywa, na hakuna anayeweza kusema iko wapi kati ya hayo mawili.

Muuguzi mmoja anayemhudumia mama ndiye aliyetupa njia. Alituambia kuna orodha ya mambo sita ambayo wahudumu wa wazee wanaitumia, imetokana na kazi ya daktari Sidney Katz na wenzake tangu 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Unauliza kwa kila moja, anaweza mwenyewe au anahitaji mtu? Mama wakati ule alihitaji mtu kwenye kuoga na kuvaa tu. Juu ya hayo tukaongeza kazi zisizo za mwili, dawa, kupika, kliniki, kufuatilia bili. Dada akaandika masaa, siyo kwa makadirio ya jumla bali kila siku kabla ya kulala, ikaja kama masaa 15 kwa wiki. Tukauliza, masaa hayo tungemwajiri mtu wa kuaminika pale mjini kwao angechukua kiasi gani kwa mwezi? Mafungu 30.

Hapa ndo pa kuangalia vizuri. Hatukuzitoa zile 30 kwenye fungu la dada, tuliziingiza kwanza kwenye jumla, kwa sababu kumhudumia mama ni gharama ya familia nzima kama dawa zilivyo. Kwa hiyo jumla ikawa 130, na 130 kwenye 500 ni asilimia 26. Mi 52, kaka 31, mdogo 21, dada 26. Lakini dada ameshatoa 30 kwa mikono yake, kwa hiyo hatoi hela na mfuko unamrudishia 4. Jumlisha zetu watatu, 52 na 31 na 21 ni 104, zile 100 za matumizi na 4 za dada. Inakaa sawa kabisa.

Dada alipoona hivyo alilia. Akasema, "Yaani mnataka kunilipa kwa kumuogesha mama yangu?" Na alikuwa anamaanisha, ilimuuma. Kaka ndiye aliyemjibu vizuri, akamwambia dada hatukulipi kwa kumpenda mama, wote tunampenda, tunagawana masaa ambayo wewe unayapoteza kazini kwako na sisi hatuyapotezi. Haikuisha siku hiyo. Mwishowe alikubali kwa sharti lake, kwamba zile zinazomrudia zisiingie mfukoni mwake, zikusanywe mpaka zifike za kumlipa msaidizi siku moja moja ili yeye apumzike, na sisi tukaona hiyo ni bora kuliko tulivyofikiria.

Kuna mtihani uliokuja baadaye na ndio uliotuonyesha kwamba hesabu ile inafanya kazi. Mama alianguka, akawa hawezi kuhama kitandani wala kwenda chooni peke yake, kwa hiyo kwenye yale mambo sita akawa anahitaji mtu kwenye manne. Kazi ikapanda kutoka 30 hadi 80. Jumla 180, asilimia 36, mi 72, kaka 43, dada 36, mdogo 29. Dada hawezi kubeba yote hayo hata angetaka, kumnyanyua mtu mzima mgongo unakwenda, kwa hiyo tukaajiri msaidizi kwa 50 na dada akabaki na kazi ya 30. Mafungu yetu hayakubadilika hata kidogo kwa sababu ya huyo msaidizi! Sisi watatu tunatoa 144, dada anaongeza 6 kufikisha 36 yake, jumla hela taslimu 150, yaani 100 za mwanzo na 50 za msaidizi. Hata angefanya dada kazi yote sisi tungetoa 144 ileile, ila 44 zingemwendea yeye. Kwa hiyo hakuna mtu kati yetu anayefaidika dada akikataa msaidizi, na hiyo imeondoa yale maneno ya "si yupo dada, wa nini kuajiri mtu".

Mdogo wetu alianza kukwama kwenye hiyo 29, akasema mapema kabla hajakosa, tukashusha kinachobaki chake kutoka 80 hadi 50 na kupiga hesabu upya kwa wote badala ya kumwandikia deni. Hesabu tunairudia kila miezi sita, au mara tu jambo moja kati ya yale sita linapobadilika au mtu akipoteza kazi.

Kuna vitu vidogo ambavyo vikiachwa vinakula makubaliano. Hela unayomtumia mama moja kwa moja ni zawadi, haihesabiki, vinginevyo mtu anamtumia mama ya kitambaa halafu anasema fungu lake limeisha na dawa hazijanunuliwa. Nauli ya kwenda kuwasalimia ni ya kwako, lakini ukienda kumpokea dada zamu ili asafiri au alale, nauli inatoka kwenye mfuko. Na dalili kwamba mambo yameanza kuharibika, kwetu sisi, ni daftari la dada likiwa jembamba ghafla. Haimaanishi matumizi yamepungua, inamaanisha ameanza kulipia vitu vidogo kwa hela yake na kunyamaza kwa sababu amechoka kuomba. Nikiona hivyo nampigia simu, sio ujumbe kwenye grupu, namuuliza dada umenunua nini wiki hii.

Jambo la mwisho tuliloliandika, na hili mzee alilitaka lisemwe mbele yake, ni kwamba anayetoa 72 hajanunua kipande cha nyumba yao kikubwa kuliko anayetoa 29, na dada pia kulala pale siku za shida hakumpi nyumba. Nyumba wataamua wao wazazi wakiwa hai na kwa maandishi yao. Tulisaini wote wanne, mzee na mama wakasaini, kila mtu ana nakala yake.